Fuata Laini Kabla ya Kuipekua Simu: Mwongozo kwa Mzazi Anayeshuku Kijana Wake Anabeti

Mzazi akishuku kwamba kijana wake anabeti, jambo la kwanza analofanya huwa ni kumpokonya simu na kutafuta apu. Mara nyingi haioni, anarudisha simu akiwa ametulia, na kijana anaendelea usiku huohuo. Kampuni nyingi za kamari zina tovuti inayofunguka kwenye brauza yoyote, kwa hiyo hakuna apu inayohitajika. Na aliye na apu anaweza kuifuta asubuhi na kuipakua tena jioni.

Kuna kitu kimoja ambacho hawezi kukifuta: laini ya simu. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na akaunti ya kubeti hufunguliwa kwa namba ya simu yenye M-PESA au Airtel Money. Pesa huingia kupitia namba hiyo, na akishinda zinarudi kwenye namba hiyohiyo. Mtoto wa miaka 16 hana kitambulisho cha kusajilia laini. Kwa hiyo nyuma ya karibu kila kijana anayebeti kuna laini ya mtu mzima: ya mama, ya marehemu babu, ya anko, ya kijana wa boda aliye rafiki yake. Ukiijua laini, umejua alianzia wapi, anatumia kiasi gani na nani anamsaidia. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha hapa Nakuru, na wazazi wanaokuja ofisini na laini mkononi huzungumza na watoto wao vizuri zaidi kuliko wanaokuja na hasira na simu iliyovunjwa kioo.

Kinachostahili kukushtua

Kupenda mpira si dalili. Kuwa na apu ya matokeo ya mechi si dalili pia. Vijana wengi wa Kaptembwo au Kondele wanayo na hawajawahi kuweka hata shilingi. Usianze na hayo.

Angalia mechi zenyewe. Shabiki wa Arsenal anafuatilia Arsenal. Kijana anayebeti utamkuta saa sita usiku akisubiri matokeo ya timu mbili za nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, na hajali nani amefunga. Anajali kama magoli yamefika matatu. Au hatazami mpira wowote: macho yako kwenye kandege kanakopaa huku namba ikipanda, kidole kimekaa tayari, kisha anashusha pumzi. Huo ni mchezo unaojulikana kama Aviator, na raundi moja huisha kwa sekunde chache. Ndio ninaouogopa zaidi kuliko mkeka, yaani mechi kadhaa zinazobetiwa kwa pamoja, kwa sababu mkeka humfanya mtu asubiri hadi Jumamosi, lakini kandege kanaweza kumaliza nauli ya wiki nzima akiwa chooni.

Angalia pia pesa ndogondogo. Anatembea kutoka shule ilhali ulimpa nauli. Chaja imepotea, kikokotoo kimepotea, na viatu vya michezo “ameazima” mtu. Anakuomba umtumie rafiki hamsini kwa namba usiyoijua, na baada ya siku tatu hamsini nyingine.

Kisha kuna dalili ambayo wazazi huipokea kwa furaha: pesa zinazotokea. Kijana analeta unga na mafuta, anasema alisaidia mtu kwenye mjengo. Inaweza kuwa kweli, na usimvunje moyo. Uliza tu ni mjengo gani na fundi ni nani, kwa sauti ileile ungeuliza habari za shule. Aliyefanya kazi kweli ana mengi ya kusimulia.

Hatua ya kwanza: hesabu laini zote

Piga *106# kwenye simu yenye laini ya Safaricom. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kwa kitambulisho cha kila mtu mzima nyumbani, akiwemo nyanya kama anaishi nanyi. Ukikuta namba usiyoitambua, usikimbilie kumlaumu mtoto, kwa sababu mawakala wa mtaani wamewahi kusajili laini kwa vitambulisho vya watu wasiojua. Iandike, kisha uiulizie kwa mhudumu wa mtandao.

Baada ya hapo fungua droo. Laini ya zamani ya baba aliyebadilisha mtandao, laini iliyobaki kwenye kabambe yenye betri mbovu, laini ya shangazi aliyekwenda Saudia akaiacha “itunzwe”: zote zinaweza kuwa na M-PESA inayofanya kazi. Iliyowekwa kando miezi mingi na sasa ina vocha au ujumbe mpya inahitaji maelezo.

Laini ya mtu wa nje hutaiona kwa *106# yako. Hapo utategemea mazungumzo, na tutafika huko.

Hatua ya pili: soma taarifa ya M-PESA

Ujumbe wa M-PESA unaweza kufutwa kwenye simu. Taarifa ya M-PESA haifutiki. Piga *334#, ingia sehemu ya akaunti yako na uombe taarifa, au ichukue kwenye apu ya M-PESA. Itakuja kama faili iliyofungwa kwa namba ya siri. Chukua ya miezi mitatu.

Utaona safu za tarehe na saa, maelezo, pesa zilizoingia (`Paid In`), zilizotoka (`Withdrawn`) na salio. Soma safu ya maelezo polepole ukitafuta maneno haya:

`Pay Bill` likifuatwa na jina la kampuni lilelile tena na tena, kwa kiasi kidogo kisicho na senti, kama 30, 50 au 100. Hapo pesa zinaingia kwenye akaunti ya kubeti. Baadhi ya kampuni hutumia jina la usajili lisilofanana na lile la matangazo, kwa hiyo usitafute jina unalolijua pekee; jiulize kama wewe ndiye uliyelipa.

`Business Payment from` ni pesa zinazotoka kwa kampuni kuja kwako. Kama hukuuza kitu wala hukopi popote, huenda huo ni ushindi uliotolewa. Mara nyingi mstari unaofuata, dakika chache baadaye, ni pesa hizo kutumwa kwa mtu au kutolewa kwa wakala.

`OverDraft of Credit Party` na `OD Loan Repayment` ni Fuliza. Wa kwanza ni wakati Fuliza ilipokujazia pesa, wa pili ni wakati ilipojilipa. Mtoto anayejua PIN yako anaweza kubeti salio likiwa sifuri, na deni likawa lako. Angalia pia Hustler Fund kupitia *254#, kwa sababu hiyo nayo hufunguka kwa PIN ya M-PESA.

Tuchukue mama mmoja wa Kaptembwo anayeuza mboga karibu na steji. Alianza kushuku siku mteja alipomlipa shilingi 150 na salio likabaki 40. Alidhani ni mtandao. Mwanawe wa kidato cha tatu, miaka 17, ndiye humnunulia tokeni za stima kwa simu yake jioni akiwa na mikono michafu, kwa hiyo PIN anaijua tangu zamani.

Taarifa ya wiki tatu ilionyesha malipo ya `Pay Bill` kwa kampuni moja, mengi kati ya saa nne na saa saba usiku, jumla yake 4,350. Zilizorudi zilikuwa mara mbili tu: 1,100, na baadaye 800. Hasara ni 2,450, na Fuliza ilibaki ikidai 620.

Lakini angalia mpangilio wake, kwa sababu huo ndio ulionifundisha kuhusu kijana huyu kuliko jumla. Wiki ya kwanza aliweka 20, 30, 30, siku za Jumamosi na Jumapili pekee. Jumatano ya wiki ya pili zikaingia 1,100. Usiku uleule aliweka 100 mara tatu, kesho yake 200 mara nne, na kufikia Ijumaa zote zilikuwa zimerudi kwa kampuni. Kutoka hapo hakuna siku aliyopumzika, na Fuliza ndipo ilipoanza. Ushindi ulimbadilisha kuliko hasara. Ukiona kiwango kimepanda ghafla baada ya `Business Payment`, na siku za wiki nazo zimeongezeka, jua kwamba sasa anakimbiza pesa, na mazungumzo yasingoje mwisho wa muhula.

Andika kwenye karatasi mambo matatu tu: jumla iliyotoka, jumla iliyorudi, na tarehe kiwango kilipopanda. Karatasi hiyo utaihitaji. Taarifa nzima usimrushie usoni.

Hatua ya tatu: simu yake, akiwepo

Sipendi mzazi aipekue simu usiku mtoto akiwa amelala. Akigundua, na huwa wanagundua, atakachokumbuka ni kupekuliwa, na swali la kamari litazama humo. Mwambie unataka muiangalie pamoja, baada ya mazungumzo.

Kwenye simu ya Android angalia sehemu tatu. Kwanza, `Downloads` kwenye mafaili: faili linaloishia na `.apk` lilipakuliwa nje ya Play Store, na apu nyingi za kubeti husambazwa hivyo. Pili, kwenye `Settings` tafuta `Install unknown apps`. Kama brauza au Telegram imepewa ruhusa hapo, huenda kuna kitu kiliwahi kuingizwa kupitia humo. Tatu, fungua orodha ya vikundi vya Telegram. Vile vinavyouza “odi za uhakika” au “mechi zilizopangwa”, na apu zinazodai kutabiri kandege kataanguka lini, ni utapeli mtupu. Kijana anaweza kuwa amelipa huko pesa nyingi kuliko alizobeti, na aibu yake ya kutapeliwa ikawa kubwa kuliko ya kubeti.

Hatua ya nne: mazungumzo

Chagua wakati. Jioni ya Jumamosi na Jumapili mechi zinachezwa na anaweza kuwa na mkeka hewani. Usiku ule umegundua hautafaa, kwa sababu bado unatetemeka. Mbele ya wadogo zake hautafaa kabisa. Wakati mzuri ni ule ambao mikono yenu wawili ina kazi na macho hayalazimiki kukutana: mnachambua mboga, mnaosha vyombo, mnatembea kutoka sokoni. Wavulana hasa huongea zaidi wakiwa ubavuni mwako kuliko wakiketishwa mbele yako.

Kama kuna baba au anko nyumbani, kubalianeni kwanza. Na kama baba mwenyewe hubeti, hilo lizungumzwe kati yenu kabla ya kumwita mtoto. Kijana aliyeona baba akishangilia mkeka sebuleni hatasikia neno. Baba anaweza kusema ukweli bila kujidhalilisha: mimi ni mtu mzima, nimepoteza kiasi fulani, na sitaki uanzie nilipoanzia. Nimeona kauli ya namna hiyo ikifungua mdomo wa kijana aliyekuwa kimya mwezi mzima.

Anza na ulichokiona, si na unachomfikiria. Yule mama wa mboga alianza hivi, wakichambua sukuma:

“Baba, juzi mteja alinitumia mia na hamsini, Fuliza ikachukua mia na kumi. Nikaenda kuangalia. Nimeona pesa zimetoka usiku kwenda kwa kampuni ya kubeti. Sijakuita nikupige. Nataka kuelewa.”

Kijana akanyamaza. Kisha: “Si mimi, Mama. Labda ni mtandao.”

Karibu wote hukana mara ya kwanza. Usikubishie, na usimwite mwongo. Mama alijibu, “Sawa. Sitaki ujibu haraka. Tumalize hizi mboga.” Akaendelea kuchambua. Zikapita dakika kadhaa ndefu, na ukimya huo ndio wazazi wengi hushindwa kuuvumilia. Wanajaza nafasi kwa kutaja karo na dhabihu walizotoa, na mtoto anaponea hapo, kwa sababu sasa anaweza kukasirika badala ya kujibu.

“Nilitaka kukurudishia kabla ujue,” akasema mwishowe.

Sentensi hiyo, au inayofanana nayo, ndiyo mlango. Ndani yake kuna kukiri, na kuna ugonjwa wenyewe: kwamba njia ya kurudisha ni kubeti tena. Mama hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuliza, “Ulionyeshwa na nani mara ya kwanza?”

Maswali yanayofaa ni machache. Ulianzaje? Uliwahi kushinda kubwa zaidi ngapi, na ulizifanyia nini? Unatumia laini gani nyingine? Na lile ambalo hupaswi kuondoka bila kuliuliza: una deni la mtu? Liulize mara mbili, siku mbili tofauti, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi ni nusu. Huyu alisema anadaiwa 300 na mwenzake darasani. Kesho yake asubuhi, akifunga viatu, akaongeza kwamba kijana wa boda hapo steji anamdai 1,000, na ndiye aliyekuwa akimbetia kwa namba yake siku mama alipokuwa na simu.

Kuna kauli ambazo hufunga mlango. “Wewe ni mwizi kama anko wako” humfanya amtetee anko. “Nitakupeleka polisi” humfanya ahamie simu ya rafiki. “Bora ungeshinda” humwambia kwamba kosa lake ni kushindwa, na hiyo nimeisikia kwa masikio yangu.

Akikasirika na kuondoka, mwache. Mwambie tu mtaendelea Alhamisi baada ya chakula, na Alhamisi ikifika endelea kweli.

Kuna jambo moja ambalo halingoji. Kijana aliyepoteza karo au pesa za chama za mama anaweza kusema anataka kufa, au kwamba nyumba itakuwa na nafuu bila yeye. Hapo acha habari za pesa. Usimwache peke yake, ondoa sumu ya mifugo na dawa karibu naye, mpeleke hospitali. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure kutoka popote Kenya, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Mfanye akokotoe mwenyewe

Kumwambia kijana kwamba kamari ni dhambi au ni ujinga hakumwingii. Ana rafiki aliyeshinda elfu ishirini na picha yake anayo. Hesabu humwingia, mradi kalamu iwe mkononi mwake.

Mpe mkeka wa mechi tano, kila moja ina odi ya 1.80, yaani ukishinda kila shilingi uliyoweka inarudi kama 1.80. Azidishe 1.80 kwa 1.80, mechi kwa mechi hadi zote tano: ni karibu 18.9. Akiweka 50 anaahidiwa 945. Hapo macho yanang’aa. Sasa mwambie kampuni haitoi 1.80 kwa kitu ambacho malipo yake ya haki ni 1.80. Imekata sehemu yake, kwa hiyo nafasi halisi ya mechi kama hiyo ni kama 53 kwa mia. Azidishe 0.53 kwa 0.53 vivyo hivyo, hadi mechi zote tano. Atapata 0.042, yaani mikeka kama minne kwa kila mia.

Halafu amalizie: mikeka mia kwa 50 ni 5,000. Minne ikishinda ni 3,780. Zilizopotea ni 1,220, kabla ya ushuru wowote, na hapo hakuna aliyemwibia wala timu iliyomwangusha dakika ya tisini. Ndivyo mchezo ulivyopangwa ukienda sawa. Kampuni hukata kila mechi, na ukiunganisha tano umekatwa mara tano. Mkeka mrefu unaovutia ndio unaokatwa zaidi.

Kwa kandege, watengenezaji wake husema mchezo hurudisha 97 kwa kila 100 zinazowekwa. Inaonekana ndogo hiyo 3. Lakini mtu anayeweka 20 kwa raundi mia ameweka 2,000 kwa jumla hata kama mfukoni alikuwa na 200 tu, na ile 3 kwa mia inakatwa kwenye 2,000. Yule kijana alipoelewa hili aliuliza swali zuri kuliko yote: “Kwa hivyo nikicheza haraka ndio napoteza haraka?” Ndiyo.

Deni na milango

Deni la nje lilipwe mapema, kwa sababu anayedaiwa na watu wa steji atabeti ili alipe. Lakini pesa zisipitie mkononi mwake. Mama alikwenda na mwanawe hadi kwa kijana wa boda, akamlipa 500 palepale na nyingine wiki iliyofuata, na kumwambia mbele ya mtoto, bila kelele: “Mwanangu hajafika miaka kumi na minane. Ukimbetia tena tutaketi na mwenyekiti wa steji.” Ilitosha. Kwa anko au binamu aliyeazima laini yake, tumia mtu wa ukoo anayemheshimu.

Kisha kijana arudishe kwa mama kidogokidogo, kwa kazi inayoonekana. Huyu alikuwa akimsaidia kupakua mboga asubuhi ya Jumamosi, na mama akikata kiasi walichoandika kwenye daftari. Usimwandikie deni lisiloisha. Liwe la wiki chache, aone mwisho wake.

Badilisha PIN ya M-PESA jioni hiyohiyo, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa yeyote nyumbani. Kama Fuliza huihitaji, jiondoe kupitia *234#. Tokeni nunua mwenyewe hata kama mikono ina udongo.

Akaunti iliyofunguliwa kwa namba yako ni yako machoni pa kampuni. Piga au uandikie huduma kwa wateja, useme akaunti ilitumiwa na mtoto chini ya miaka 18, na uombe namba yako ifungwe isiweze kubeti tena. Sema “ifungwe kabisa”, kwa maana kuna kufunga kwa muda. Omba wakujibu kwa maandishi. Kampuni ni nyingi, na kufungwa kwa moja hakufungi nyingine, kwa hiyo taarifa ya M-PESA utairudia.

Kwenye simu yake, apu ya BetBlocker ni ya bure na huzuia tovuti nyingi za kamari kwa muda mtakaochagua. Wekeni pamoja. Haizuii simu ya rafiki wala haiijui kila tovuti ya Kenya, lakini usiku ule mkono unapowasha humchelewesha, na mara nyingi kuchelewa kwa dakika kumi kunatosha.

Nauli mpe ya kila siku, taslimu, kwa muda. Mweleze ni hadi lini.

Wiki zinazofuata

Wiki mbili za kwanza atakuwa na hasira na usingizi mbovu. Jioni za Jumamosi ni ngumu kwake kuliko unavyofikiri, kwa sababu marafiki wote wako kwenye kibanda cha mpira na kila mtu ana mkeka. Usimkataze mpira. Mtafutie mahali pa kuutazama pasipo na mikeka, au umpe uwanja wa kucheza saa hizo.

Angalieni taarifa ya M-PESA pamoja kila Jumapili jioni, dakika tano, karatasi ileile. Kuangalia kwa siri baada ya kukubaliana kutaharibu ulichojenga.

Akirudia, na wengi hurudia mara moja au mbili, hasa ligi zinapoanza Agosti, uliza nini kilitangulia. Yule kijana alirudia baada ya kufukuzwa shule kwa karo, akakaa nyumbani siku nzima na simu. Aliweka 50 kwa namba ya mwenzake na akamwambia mama mwenyewe jioni hiyo. Mama alimshukuru kwa kusema, akaiandika 50 kwenye daftari, wakaendelea.

Kilichobaki ni kitambulisho. Akifika 18 atasajili laini yake, na siku hiyohiyo ataweza kufungua akaunti kihalali bila kumwomba mtu. Kwa hiyo zungumzeni miezi michache kabla, wakati bado mna mazoea ya karatasi ya Jumapili. Akikubali, na iwe kwa hiari yake, mwende pamoja kusajili laini, na kabla haijatumika kwa lolote aandikie zile kampuni mbili tatu alizozizoea akiomba namba yake mpya ifungiwe.